Karata ya nasaha na karata ya kuachilia: kuumalizia mtandazo wa mapenzi kwa jambo la kufanya

Mtandazo wa mapenzi, yaani karata za taroti zinazopangwa mezani kujibu swali la mapenzi, ukisomwa vizuri hueleza hali ilivyo. Karata tano ziko mezani, mwenye swali anatikisa kichwa kwamba ndivyo mambo yalivyo, halafu karata zinarudi kwenye pakiti yake na hakuna kilichobadilika. Simu iliyopaswa kupigwa haijapigwa. Ndiyo maana mimi huongeza karata mbili mwishoni: ya nasaha, inayoonyesha cha kufanya, na ya kuachilia, inayoonyesha cha kuweka chini. Nitaeleza hizo mbili tu, nikiamini kwamba zile tano za mwanzo unazimudu.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuzisoma kama majibu mawili yaliyokaa mbalimbali: hapa ushauri, pale onyo. Zisome kama sentensi moja: fanya hili bila lile. Karata ya kuachilia ndiyo inayosema nasaha itekelezwe vipi. Ukiambiwa "sema ukweli" na ukaambiwa uachilie hasira, utazungumza kwa namna moja. Ukiambiwa "sema ukweli" na ukaambiwa uachilie woga wa kuachwa, mazungumzo yatakuwa mengine kabisa.

Karata gani utumie

Taroti kamili ina karata 78: kubwa 22 zenye majina kama Mwezi, Haki na Mnara, na ndogo 56 zilizogawanyika katika jamii nne za vikombe, panga, fimbo na sarafu. Ukicheza karata za kawaida jamii hizo hazitakuwa ngeni kwako, kwa sababu ni ndugu wa kopa, shupaza, pau na uru. Kila jamii ina ree, namba mbili hadi kumi, na watu wanne: Kijana, Mpanda Farasi, Malkia na Mfalme.

Kwa kazi hii nashauri taroti iliyochapishwa London mwaka 1909, iliyochorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite, au yoyote iliyofuata michoro yake. Sababu ni ya kiutendaji. Katika taroti za zamani za mtindo wa Marseille, karata ndogo zina vikombe au panga zilizopangwa tu, hakuna mtu. Smith aliweka tukio karibu kila karata: mtu amebeba, amekaa, anaondoka, ameshikilia. Unapotafuta jambo la kufanya, inasaidia sana kumwona mtu anayefanya kitu.

Hatua ya kwanza: badilisha swali kabla ya kuchomoa

Ukishamaliza kusoma karata tano, usichomoe ya sita papo hapo. Weka fungu lililobaki mezani na ubadilishe swali kwa sauti, kwa sababu swali la mwanzo kwa kawaida lilimhusu mtu mwingine: ananipenda, atarudi, anaficha nini. Nasaha haiwezi kumhusu asiyekuwepo mezani. Kwa hiyo mwenye swali aseme: "Katika hali hii, mimi nifanye nini?" Kisha akate fungu kwa mkono wake, na karata ya juu iwekwe upande wa kulia wa mtandazo.

Halafu aseme: "Ili nilifanye hilo, niweke chini nini?" Akate tena, karata ya juu iwekwe kushoto. Wako wasomaji wanaochukua karata ya chini kabisa ya fungu kuwa ya kuachilia, na hiyo nayo ni sawa. La muhimu ni kuamua kabla ya kuchomoa na kubaki na utaratibu huo huo, la sivyo utajikuta unachagua karata inayokupendeza.

Karata ikitoka kichwa chini katika nafasi hizi mbili, igeuze isimame. Najua wengi huzisoma zilizopinduka kivyake, nami hufanya hivyo kwenye zile tano. Hapa nafasi yenyewe imeshasema "fanya" au "acha". Ukiongeza mpinduko juu yake utafika mahali unauliza kama kuachilia kilichopinduka maana yake ni kukishika, na hapo umepotea.

Hatua ya pili: tazama mikono

Kabla ya kukumbuka maana yoyote uliyojifunza, mtazame mtu aliye kwenye karata ya nasaha na useme anafanya nini, kwa kitenzi kimoja. Anapima. Anasubiri. Anatoa. Anaondoka. Ile karata ya Vikombe Nane inamwonyesha mtu amewapa mgongo vikombe vyake na kushika njia ya mlima usiku. Kitenzi ni kuondoka. Sarafu Sita inamwonyesha tajiri ana mizani mkono mmoja na kwa mkono mwingine anadondosha sarafu. Kitenzi ni kutoa kwa kipimo.

Kwenye karata ya kuachilia, tafuta kinachoshikwa au kinachokaziwa macho. Sarafu Nne ni mfano bora: mtu amekumbatia sarafu moja kifuani, nyingine iko kichwani, mbili amezikanyaga. Mikono na miguu yote ina kazi, hawezi hata kusimama. Kwenye Vikombe Vitano macho ndiyo yaliyoshika: mtu mwenye joho jeusi anaviinamia vikombe vitatu vilivyomwagika, na viwili vilivyosimama wima viko nyuma yake. Ukimwambia mwenye swali "achilia Vikombe Vitano" hatakuelewa. Mwambie "acha kuhesabu kilichomwagika" na utaona uso wake ukibadilika.

Hapa pana mpaka ambao sitaki uvukwe: karata ya kuachilia haisemi "mwache huyo mtu". Hata ikitoka karata ya mtu, tuseme Mfalme wa Fimbo, kinachoachiliwa ni mshiko wa mwenye swali: kumtegemea huyo awe mwamuzi wa kila jambo, au kujitia ubabe yeye mwenyewe. Kuvunja uhusiano ni uamuzi wa mwenye uhusiano. Msomaji anayetamka "karata zimesema muachane" amejitwika mamlaka ambayo hakupewa na mtu.

Hatua ya tatu: iandike sentensi

Chukua daftari. Andika kitenzi cha nasaha, kisha "bila", kisha kile kinachoachiliwa. Ukisoma sentensi hiyo na bado ni ya hewani, mfano "jipende bila kuogopa", hujamaliza. Iteremshe mpaka iwe na siku, njia na mwisho unaoonekana. Kipimo changu ni hiki: je, rafiki aliyekaa pembeni angeweza kushuhudia kwamba jambo limefanyika? "Kuwa mvumilivu" hakuna anayeweza kukushuhudia. "Sitamtumia ujumbe wa pili kabla hajajibu wa kwanza, hadi Jumapili" kunashuhudiwa.

Upande wa kuachilia una ugumu wake, kwa sababu mtu haachi hisia kwa kuamua tu. Kinachoweza kuachwa ni tendo linaloilisha hisia hiyo. Huwezi kujiamrisha uache wivu saa nne usiku. Unaweza kuacha kufungua ukurasa wake kuangalia nani kaweka kopa. Kwa hiyo ulizia tendo hilo: ukiwa na hisia hii, mkono wako huenda wapi? Jibu huja upesi, maana kila mtu anajua mkono wake unakoenda.

Mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho

Tuseme dada mmoja yuko Tanga, mchumba wake anafanya kazi Maskati. Wana miaka miwili ya mapenzi. Mwaka wa kwanza walizungumza kila siku; sasa ni ujumbe wa sauti mara mbili kwa wiki na ahadi kwamba wazee wataleta barua ya posa "mambo yakikaa sawa". Swali lake: "Huyu mtu bado ana nia na mimi?"

Karata ya kwanza, yaani yeye mwenyewe, ni Malkia wa Vikombe, aliyekaa ufukweni akikitazama kikombe chenye kifuniko. Ya pili, yaani mwenzake, ni Mpanda Farasi wa Sarafu: farasi mweusi amesimama tuli mbele ya shamba lililolimwa. Ya tatu, kilichopo kati yao, ni Vikombe Viwili, mume na mke wakipeana vikombe. Ya nne, kikwazo, ni Mwezi, na njia yake inayopita kati ya mbwa na mbwamwitu. Ya tano, mambo yanakoelekea yakiachwa yalivyo, ni Sarafu Saba: mkulima ameegemea jembe lake akiangalia mmea.

Kwa ufupi: mapenzi yapo, mwanamume ni mtu wa kwenda polepole na kazi, kikwazo ni giza la kutojua, na wasipofanya kitu wataendelea kungoja. Dada atasikia "mapenzi yapo" na atataka kuondoka na hilo. Hapo ndipo karata mbili za mwisho zinapohitajika.

Anauliza "mimi nifanye nini?" na inatoka Malkia wa Panga. Mtazame: amekaa wima, upanga mkono wa kulia umeelekea juu, mkono wa kushoto ameunyoosha mbele, kama anayemwambia mtu aje aseme. Kitenzi ni kuuliza waziwazi. Upanga haumchomi mtu. Umesimama tu, kuonyesha kwamba jibu la kuzungukazunguka halitapokelewa. Linganisha na Malkia wa Vikombe wa karata ya kwanza, anayekodolea kikombe kilichofunikwa akijaribu kukisia kilichomo ndani. Ni malkia mwingine, mkao mwingine, na dada mwenyewe huwa analiona hilo kabla hujamwambia.

Anauliza "niweke chini nini?" na inatoka Vikombe Sita. Hapa wasomaji wengi hukwama, kwa sababu karata ni nzuri: watoto wawili uani, vikombe vimejaa maua, mmoja anampa mwenzake. Kwa nini mtu aambiwe aachilie utamu? Karata nzuri ikikaa katika nafasi ya kuachilia, jambo lenyewe halikatazwi. Kinachokatazwa ni matumizi yake mabaya. Vikombe Sita ni kumbukumbu. Ukimuuliza dada mkono wake huenda wapi akiwa na kiu ya mwenzake, atakwambia: hurudi kusikiliza ujumbe wa sauti wa mwaka wa kwanza, kisha hupima kila salamu ya leo kwa zile za zamani. Na akimpigia, mazungumzo huanza na "zamani ulikuwa unanipigia kila siku". Mwanaume hujitetea, habari ya posa haitajwi, simu inakatika.

Sentensi inakuwa: uliza waziwazi bila kulinganisha na zamani. Tuiteremshe. Dada anaandika daftarini: "Jumatano nitamwomba miadi ya simu ya Ijumaa usiku. Nitauliza mambo mawili: wazee watakuja mwezi gani, na kinachowachelewesha ni nini. Sitataja mwaka wa kwanza. Hadi Ijumaa sitafungua ujumbe wa zamani."

Na maneno ya Jumatano tunayatunga pale pale mezani, kwa sababu nasaha nyingi hufia kwenye kuandika ujumbe:

"Habari za kazi, mpenzi. Naomba Ijumaa ukishatoka kazini tupate nusu saa tuzungumze kuhusu posa. Nataka kujua mpango wetu, na nitakusikiliza."

Soma ujumbe huo ukiwa na karata zote mbili mbele yako. Upanga upo: neno posa limetajwa, siku imetajwa. Mkono ulionyooshwa upo: "nitakusikiliza". Vikombe Sita havimo, hakuna "siku hizi umebadilika". Ukiona karata ya kuachilia imechomoza kwenye ujumbe, hata kwa neno moja, andika upya.

Sasa badilisha karata moja tu. Tuseme nasaha ni ile ile, Malkia wa Panga, ila ya kuachilia ni Panga Tisa, yule mtu aliyeamka kitandani usiku akafunika uso kwa viganja. Kinachowekwa chini ni kukesha na mawazo. Swali kwa mchumba linabaki lile lile, lakini namna yake inabadilika: mazungumzo yafanyike mchana, Jumamosi, kwa sababu ya usiku yatamkuta dada keshajitungia kesi nzima na hukumu yake. Na kabla ya simu hiyo amweleze dada yake au rafiki mmoja wa kweli, ili hofu isibaki chumbani peke yake.

Zinapoonekana kugongana

Wakati mwingine karata hizi huonekana kupingana. Nasaha ni Mpanda Farasi wa Fimbo, farasi kapandisha miguu ya mbele, na ya kuachilia ni Fimbo Nane zinazoruka hewani. Nenda, ila usiende? Rudi kwenye sentensi: chukua hatua bila haraka. Atamke anachokitaka wiki hii, lakini asidai jibu papo hapo. Bado sijakutana na jozi iliyokataa kabisa kuingia katika "fanya hili bila lile". Ikikataa, mara nyingi mwenye swali ana maswali mawili ndani ya moja, na dawa ni kuyatenganisha.

Karata kubwa kwenye nafasi ya nasaha huwatisha watu. Kifo kikitoka hapo, wengine hugeuza nyuso. Mtazame mpanda farasi wa mifupa, kisha tazama nyuma yake, jua lipo kati ya minara miwili. Kitenzi ni kumaliza, na kinachomalizwa lazima kiwe kidogo na kitajwe: mazoea ya kurudiana kila baada ya ugomvi bila kuongelea ugomvi wenyewe, kwa mfano. Karata kubwa ni pana, kwa hiyo ndiyo inayohitaji kuteremshwa zaidi mpaka ifikie tendo la wiki moja.

Kishawishi kibaya kuliko vyote ni kuchomoa karata ya tatu "ya kufafanua". Ya tatu huleta ya nne, na ukitazama vizuri utaona mwenye swali aliielewa ya kwanza vizuri tu; hakuipenda. Dalili ni swali lake: asiyeelewa huuliza "ina maana gani?", asiyependa huuliza "tuongeze moja?"

Pale karata zinapoishia

Karata hizi hazikwambii mwenzako ana nini moyoni, na Malkia wa Panga hakuahidi kwamba jibu la Ijumaa litakuwa tamu. Zinakusaidia kuchagua mwenendo wako. Kwa aliye na imani inayomkataza kugusa karata, sentensi ya "fanya hili bila lile" inaandikika bila karata yoyote, na atanufaika nayo.

Na kama katika maelezo ya mwenye swali kuna kipigo, vitisho, au simu na pesa zake kushikiliwa na mwenzake, usimchomolee karata. Neno "achilia" masikioni mwa anayepigwa linaweza kusikika kama "samehe". Kunja mtandazo, mkae, umsaidie kufika kwenye usalama. Tanzania kuna dawati la jinsia na watoto katika vituo vya polisi. Kenya kuna namba 1195, isiyotozwa malipo.

Baada ya karata kurudi pakitini

Andika kwenye ukurasa mmoja: tarehe, swali, karata saba, sentensi, na tendo lenye siku yake. Acha nusu ya ukurasa wazi. Usitandaze tena kwa swali hilo hilo mpaka tendo limefanyika, hata ukiwashwa vidole. Nasaha isiyotendwa haina la kuongezewa, na mtandazo mpya juu yake huleta kelele tu.

Tendo likishafanyika, jaza nusu ile iliyobaki kwa mambo matatu: nilifanya nini hasa, nilichosema nitaweka chini nilikiweka au kilirudi mkononi, na kimetokea nini. Dada wa Tanga akijibiwa "wazee watakuja mwezi wa nane, nilikuwa sijamaliza deni la tiketi", ana mwezi na ana sababu, na swali lake la mwanzo limejibiwa na mwenye jibu. Akijibiwa "tutaona", hilo nalo ni jibu, liandikwe kama lilivyotamkwa. Mtandazo utakaofuata usianze na "bado ana nia na mimi?", uanze na maneno hayo mezani: nimeuliza waziwazi, nimeambiwa tutaona, mimi nifanye nini?